Saizi Tano na Kipimo cha 14

Chukua jarida dogo la chama cha akiba na mikopo, parokia au shule, lile la kurasa nne linalogawiwa siku ya mkutano mkuu. Usilisome kwanza, lipime kwa rula. Mara nyingi utakuta hotuba ya mwenyekiti imepangwa kwa herufi za saizi 12, taarifa ya mhazini kwa 10.5, tangazo la mkutano ujao kwa 13, na ukurasa wa mwisho, ambako mambo yalizidi nafasi, kwa 9. Vichwa vya habari navyo, kila kimoja kina kimo chake. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Kila habari ilipogoma kuenea, mpangaji alizipunguza herufi kidogo, ilipopwaya, akaziongeza. Lakini jicho husoma ukubwa wa herufi kabla ya kusoma neno lenyewe. Herufi za 13 zinamwambia mwanachama kwamba tangazo lile ni zito kuliko hesabu za fedha zake zilizopangwa kwa 10.5, na kwa hakika hakuna aliyetaka kumwambia hivyo.

Njia ya kuepuka hali hii inajulikana kwa wapangaji wa kurasa tangu zamani. Kabla ya kupanga chochote, unachagua saizi chache na kuipa kila moja kazi yake, kisha hutumii nyingine yoyote. Baada ya hapo unachagua kipimo kimoja cha kushuka kutoka mstari hadi mstari, na kila nafasi ya wima kwenye ukurasa inatokana na kipimo hicho. Nitaeleza kwa mfano wa jarida la kurasa nne za A4, yaani karatasi moja ya A3 iliyokunjwa katikati, kila ukurasa ukiwa na safu mbili. Ndilo umbo ambalo vyama vingi hulitumia, na hesabu zake zinafanyika kwa karatasi na kalamu.

Tuanze na kipimo chenyewe. Saizi ya herufi huhesabiwa kwa pointi, na katika kompyuta pointi 72 hufanya inchi moja. Pointi moja basi ni kama milimita 0.35. Ukiandika kwa saizi 11 ungetegemea herufi ziwe na kimo cha karibu milimita 4, lakini ukipima hata herufi kubwa A utaona haifiki hapo. Sababu ni ya kihistoria. Zamani kila herufi ilisubuliwa juu ya kipande cha madini, na kilichopimwa kilikuwa kile kipande, si sura ya herufi iliyokaa juu yake. Kompyuta zimerithi desturi hiyo. Ndiyo maana Arial ya 11 huonekana kubwa kuliko Times New Roman ya 11: mwili ni mmoja, ila herufi ndogo za Arial zimejaza sehemu kubwa zaidi ya mwili huo. Kutoka enzi hizohizo za madini tumerithi pia nafasi kati ya mistari. Mpangachapa alipotaka mistari ipumue, alichomeka vipande vyembamba vya risasi kati ya mstari na mstari, vyote vya unene mmoja, na ukurasa ukalingana wenyewe.

Sasa tuchague saizi. Wapo wanaozidisha kila saizi kwa 1.25 kupata inayofuata, wengine kwa 1.5. Kwa kazi ya karatasi mimi nashika 1.414, ambayo ni kipeo cha pili cha 2, na sababu iko kwenye karatasi yenyewe. A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Gawa 297 kwa 210 upate 1.414. Georg Christoph Lichtenberg, mwanasayansi wa Ujerumani, aliandika mwaka 1786 kwamba karatasi yenye uwiano huo ikikunjwa katikati hutoa karatasi ndogo yenye umbo lilelile. Mwaka 1922 Ujerumani iliufanya uwiano huo kuwa kanuni ya taifa, kwa kazi ya mhandisi Walter Porstmann, na kutoka hapo zikatoka A3, A4 na A5 tunazonunua kwenye maduka ya vifaa vya ofisini. Mashine ya fotokopi inaujua pia: ukiiambia ikuze A4 iwe A3, kwenye kioo chake itaandika 141%.

Anza na 8 na uzidishe kwa 1.414. Unapata 11.3, kisha 16, kisha 22.6, kisha 32. Ondoa desimali, na saizi zako ni 8, 11, 16, 22 na 32. Kila baada ya hatua mbili saizi inakuwa maradufu, kwa hiyo hata ukisahau orodha unaweza kuijenga upya kichwani. Wale waliosoma uchoraji wa kiufundi wataitambua tabia hii, maana vimo vya maandishi kwenye michoro ya wahandisi hupanda vivyo hivyo: milimita 2.5, 3.5, 5, 7, 10. Vilipangwa hivyo ili mchoro ukikuzwa au kupunguzwa, maandishi yake yaangukie kwenye kimo kingine kinachotambulika.

Faida hiyohiyo inakufikia wewe. Siku katibu anapotaka ukurasa wa matangazo ubandikwe ukutani, anaukuza kuwa A3 na kila saizi inapanda hatua moja. Ya 8 inakuwa karibu 11, ya 11 inakuwa karibu 16, ya 16 inasogea 22. Bango na jarida vinaonekana kutoka mkono mmoja bila mtu kupanga upya neno hata moja. Kinyume chake kinatoa onyo. Ukipunguza A4 kuwa A5 ili kuokoa karatasi, maandishi ya habari yanashuka kuwa kama 8, ambayo bado macho mazima yatayasoma, lakini maelezo ya picha yanashuka chini ya 6 na hapo wengi wataachia njiani.

Kazi za saizi hizi ziamuliwe mapema. Ya 8 ni ya maelezo ya picha, tanbihi na namba za kurasa. Ya 11 ni ya habari yenyewe, na pia ya majedwali. Nasisitiza majedwali, kwa sababu ni kawaida kukuta hesabu za mwaka zimebanwa kwa herufi ndogo kuliko salamu za mgeni rasmi, wakati mwanachama amekuja kutafuta hesabu hizo. Ya 16 ni vichwa vidogo ndani ya habari, ya 22 ni kichwa cha kila habari, na ya 32 ni kichwa kikuu cha ukurasa wa kwanza tu. Ukihitaji daraja nyingine, usiongeze saizi. Tumia wino mzito: kichwa cha chini kabisa kiwe 11 nzito, na jicho litakielewa.

Tukishuka kwenye nafasi kati ya mistari, nitaita kimo cha mstari ule umbali kutoka miguu ya mstari mmoja hadi miguu ya mstari unaofuata. Kwa herufi za 11 kwenye safu yenye upana wa milimita 82, kimo cha 14 kinakaa vizuri. Safu hiyo inabeba herufi 45 hadi 50 hivi kwa mstari. Laiti ungeondoa safu na kuacha mistari ivuke ukurasa mzima, herufi zingekuwa karibu mia, na jicho lingekuwa linapotea njia likirudi kushika mwanzo wa mstari unaofuata. Hapo hata 16 isingetosha. Upana wa mstari na nafasi yake huamuliwa pamoja. Ukitumia fonti yenye herufi ndogo zilizojaa, kama Verdana, 14 itaonekana kubana, na ni bora ubadilishe fonti kuliko kuanza kuchezea kipimo.

Kumi na nne ndicho kipimo cha ukurasa, na nusu yake, 7, inaruhusiwa. Kila kitu kinatokana na hizo mbili. Habari ni 11 kwa kimo cha 14. Kichwa kidogo cha 16 kinachukua kimo cha 21, yaani mstari na nusu. Kichwa cha habari cha 22 kinachukua 28, mistari miwili kamili. Kichwa kikuu cha 32 kinachukua 35, kwa kuwa herufi kubwa hazihitaji kuachana sana. Ukizipa nafasi kwa uwiano uleule wa maandishi madogo, kichwa cha mistari miwili huonekana kama vichwa viwili visivyojuana. Maelezo ya picha ya 8 yanachukua 10.5, na hapo pana uzuri: mistari minne ya 10.5 ni 42, na mistari mitatu ya 14 ni 42 pia. Maelezo na habari vinakutana tena palepale.

Ukurasa wenyewe uhesabiwe kwa kipimo hicho. Mistari 50 ya 14 ni pointi 700, yaani milimita 247. A4 ina urefu wa 297, kwa hiyo zinabaki milimita 50 za pambizo: 22 juu na 28 chini, namba ya ukurasa ikikaa kule chini. Pambizo za kando ziwe milimita 20 kila upande, na kati ya safu mbili acha milimita 6 hivi. Safu zako mbili sasa ni ngazi zenye vipago 50 kila moja, na kila mstari wa habari unatakiwa kukanyaga kipago, kushoto na kulia kwa usawa uleule.

Tuujaze ukurasa wa pili. Safu ya kushoto inaanza na kichwa cha habari cha mstari mmoja, kimo 28, na chini yake nafasi ya 14. Jumla ni 42, vipago vitatu. Inafuata mistari 14 ya habari, kisha kichwa kidogo. Juu ya kichwa hicho weka nafasi ya 14, chenyewe ni 21, na chini yake 7. Jumla ni 42 tena, vipago vitatu, na kichwa kimekaa karibu na habari yake kuliko na ile iliyokwisha, kama inavyotakiwa. Mistari 30 inayobaki inaifikisha safu kwenye 50 kamili. Nafasi ya juu nimeifanya 14, mstari mzima, kwa makusudi. Programu nyingine huifuta nafasi ya juu kichwa kinapoangukia mwanzo wa safu, na ikifutwa kwako kinabaki 28, ambacho ni vipago viwili. Kama ningeweka 10, ukurasa ungeyumba pale tu kichwa kilipohamia safu ya pili.

Safu ya kulia ina picha. Picha iwe na kimo cha pointi 147, karibu milimita 52, chini yake nafasi ya 7, kisha fremu ya maelezo yenye 42, kisha mstari mmoja mtupu wa 14. Jumla ni 210, vipago 15. Maelezo yakiwa ya mistari miwili tu, fremu isipunguzwe. Nafasi inayobaki iachwe wazi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Picha ikivutwa kwa kipanya hadi ionekane inatosha, ikasimama kwenye 150, mistari yote iliyo chini yake inashuka pointi 3. Ni milimita moja tu, lakini mistari ya kushoto na ya kulia iko ubavu kwa ubavu, na milimita hiyo inaonekana.

Kosa la pili ni la kichwa kidogo kinachovuka na kuwa mistari miwili. Hesabu inakuwa 14, na 21 mara mbili, na 7: jumla 63, vipago vinne na nusu. Kuanzia hapo hadi chini, mistari ya safu hiyo inaangukia katikati ya mistari ya jirani yake. Tengeneza mtindo wa pili wa kichwa kidogo usio na ile 7 ya chini, jumla iwe 56, ambayo ni vipago vinne. Hata hivyo mimi ningekifupisha kichwa chenyewe. Kichwa kidogo cha herufi 25 kinasomeka kwa kupepesa jicho mara moja, na anayeandika jarida ana uwezo juu ya maneno kama alivyo nao juu ya herufi. Vivyo hivyo kwa habari iliyozidi kwa mistari sita: kata mistari sita ya maneno. Ukipunguza saizi badala yake, umerudi kule tulikoanzia.

Katika Word, haya yote yanaishi ndani ya mitindo. Rekebisha `Normal`, `Heading 1`, `Heading 2`, `Caption` na `Title` mara moja tu, na usiguse kisanduku cha saizi tena. Kwenye `Line spacing` chagua `Exactly` na uandike `14 pt`. Usitumie `Single`, kwa sababu kimo chake hutegemea fonti: kwa saizi 11, Times New Roman hutoa karibu 12.6 na Calibri karibu 13.4, hivyo kubadilisha fonti kunabadilisha ukurasa mzima kimyakimya. `At least` nayo hutanuka pale alama moja kubwa inapoingia kwenye mstari. Angalia pia `After`: matoleo mengi ya Word huanza na `8 pt` chini ya kila aya, na hiyo 8 pekee inatosha kuvuruga vipago vyote. Iweke `0 pt`, na badala ya kuruka mstari kati ya aya, sogeza ndani mstari wa kwanza wa aya kwa pointi 14. Katika LibreOffice Writer, neno la kutafuta ni `Fixed`. `Exactly` ina tabia moja itakayokushtua: picha iliyowekwa ndani ya aya hukatwa, ukaona kijisehemu chembamba cha chini tu. Picha haijaharibika. Ipe aya yake mtindo wa pekee wenye `Single`, au iweke kwenye fremu.

Kiswahili kina jambo lake kwenye safu nyembamba. Vitenzi vyetu hubeba sentensi nzima, na neno kama *waliokwishaidhinishiwa* linakula karibu nusu ya mstari wa herufi 48. Ukinyoosha kingo zote mbili, programu itasukuma neno hilo chini na kuyatawanya manne yaliyobaki juu, na katikati ya safu kutaonekana mashimo meupe yanayoshuka. Kama programu yako haina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, panga kwa kushoto tu na uache ukingo wa kulia uwe na meno. Ukilazimika kukata kwa mkono, kata baada ya irabu, *waliokwisha-idhinishiwa*, na usiitenganishe *ng'* wala *ny* na irabu inayoifuata. Kumbuka tu kwamba kistari ulichokiweka kwa mkono hubaki hapo hata neno likihamia katikati ya mstari, kwa hiyo kazi hii ifanywe mwisho kabisa.

Kuhakiki kunafanyika bila kompyuta. Chapisha ukurasa, weka rula ikivuka safu zote mbili chini ya mstari mmoja wa habari, na uitelemshe pole pole hadi mwisho. Miguu ya mistari ya kushoto na kulia iguse rula kwa pamoja. Palipoanza kuachana, tazama kitu kilicho juu yake mara moja: ni picha, kichwa au nafasi iliyosahaulika. Kisha chapisha pande mbili na uinue karatasi kuelekea dirishani. Karatasi za ofisini za gramu 70 au 80 hupitisha mwanga, na ukiona mistari ya nyuma imejificha nyuma ya mistari ya mbele, hesabu zako ziko sawa. Ikiwa imejipenyeza katikati, ukurasa utaonekana na ukungu wa kijivu hata kwa msomaji asiyeuinua.

Kama wasomaji wako wengi ni wazee, usiongeze saizi moja moja. Hamisha ngazi yote: 9, 13, 18, 25 na 36, kwa kipimo cha 16 na nusu yake 8. Habari ni 13 kwa 16, kichwa kidogo 18 kwa 24, kichwa cha habari 25 kwa 32, kichwa kikuu 36 kwa 40, na maelezo 9 kwa 12, ambapo mistari minne ya 12 tena inalingana na mitatu ya 16. Ukurasa utabeba mistari 44 badala ya 50, na mstari utakuwa na herufi 40 hivi. Maana yake, jarida la kurasa nne litapoteza karibu robo ya maneno yake, na jambo hilo waambiwe waandishi mapema kabla hawajaanza kuandika.

Pana mahali ambapo hesabu hizi hazifiki, nako ni kwenye simu. Jarida lililohifadhiwa kama PDF na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp hubanwa ili upana wote wa A4 utoshe kwenye kioo cha sentimita 7 hivi. Hiyo ni theluthi moja, na herufi zako za 11 zinakuwa chini ya 4. Msomaji atakuza kwa vidole, atasoma safu ya kwanza hadi chini, kisha atapandisha tena kutafuta mwanzo wa ya pili, na wengi hawafiki huko. Kwa hao tengeneza toleo la pili: ukurasa wa A6, safu moja, pambizo za milimita 7, saizi zilezile tano na kipimo kilekile cha 14. Kwenye kioo kilekile habari itaonekana kama herufi za 7, ndogo lakini zinasomeka kwa sababu simu hushikwa karibu na uso. Maelezo ya picha yatakuwa madogo mno, kwa hiyo katika toleo hilo yapandishe yawe 11, na saizi ya 8 iachie namba za kurasa peke yake.